Tumu Badi na Alama za Asubuhi

Tumu Badi alirudi Mombasa kutoka Nairobi akiwa na masanduku mawili, na hakuna aliyemuuliza amerudi kwa nini. Mamake aliishi peke yake Mtongwe, na miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Sababu hiyo ilimtosha kila mtu, na baada ya muda ikamtosha hata Tumu mwenyewe.

Alipata kazi Changamwe, katika yadi ya makontena ya Bwana Habib Talha. Pale waliitana kwa kazi zao, kwa hivyo akawa Bi Tumu wa Mtandao, ili asichanganywe na Bi Tumu wa Chai. Kazi yake ilikuwa kuitunza tovuti ya yadi. Wenye malori waliingia humo kwa jina na neno la siri, wakatazama kama kontena lao limeruhusiwa kutoka, ndipo wakatuma gari. Lori likitumwa bure hushinda barabarani kwenye foleni, dereva akila mahindi ya kuchoma na kumlaani aliyemtuma. Tumu aliipenda kazi hiyo kwa namna yake ya kimya. Ilikuwa kazi ya kuwaambia watu wasije kabla ya wakati, na yeye alitamani lau angepata kuambiwa hivyo katika mambo kadhaa ya maisha yake.

Mwaka huo kampuni ya meli iliyowaletea karibu mizigo yao yote ilitoa amri. Kurasa za yadi zote zilitakiwa kufunguka upesi kwenye simu za bei nafuu, na kutumika kwa urahisi na watu wasioona vizuri. Kipimo kingekuwa programu ya bure iitwayo Lighthouse, na kila ukurasa ulitakiwa kupata alama tisini kwenda juu kwa yote mawili. Yadi itakayoshindwa, tovuti yake ingehamishiwa kwa watu wa Nairobi. Kwa Bwana Habib hiyo ilikuwa aibu. Kwa Tumu ilikuwa ajira. Nairobi angeweza kurudi, lakini mamake hangehama Mtongwe hata kwa kubebwa.

Basi akakaa akaandika skripti, maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Lighthouse huufungua ukurasa ndani ya kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, bila mtu kugusa kitu, ikajifanya simu dhaifu yenye mtandao wa kusuasua. Hutazama inachukua muda gani hadi kitu cha maana kionekane, kama maandishi yanarukaruka yakiwa yanajipanga, na kama ukurasa unaganda mtu anapoubonyeza. Kisha hukagua kama picha zina maelezo, kama maandishi yanatofautiana vya kutosha na rangi iliyo nyuma yake, kama vitufe vina majina ambayo simu inaweza kumsomea asiyeona. Mwishoni hutoa alama kati ya sifuri na mia. Unaweza kuiendesha kwa mkono, lakini Tumu alitaka ijiendeshe yenyewe kila asubuhi. Skripti yake iliupima ukurasa wa makontena mara tano, kwa kuwa alama za kasi hucheza kidogo kila unapopima, ikachukua ile ya katikati na kuituma kwenye televisheni ya mapokezi. Mengine yote yaliyoandikwa na Lighthouse iliyatupa. Bwana Habib alikuwa amesema hataki maneno mengi kwenye televisheni yake.

Siku ya kwanza Tumu alikuwa amejiandaa kwa fedheha. Aliujua ukurasa ule. Juu kabisa palikuwa na picha ya Bwana Habib amesimama mbele ya winchi, nzito vilevile kama ilivyotoka kwenye kamera, na chini yake jedwali moja refu la makontena yote ya yadi. Televisheni ikaonyesha kasi tisini na nane, urahisi wa kutumika mia.

Alishangaa, akawaza kwamba labda ameuonea ukurasa kwa muda mrefu. Mtu aliyechoka haikatai habari njema.

Tangu hapo Bwana Habib alizisoma alama kwa sauti kila asubuhi baada ya dua, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Mambo yakaenda vizuri hadi siku televisheni ilipoonyesha themanini na nne. Pakafanywa kikao. Tumu alichunguza akakuta jambo la kawaida. Kompyuta iliyopima ilikuwa ile ya mapokezi, na Quinter wa mapokezi alikuwa anatazama ibada ya kanisa lao huko Kisumu, kwa video, huku amefungua kurasa nyingine chungu nzima. Lighthouse hutumia nguvu za kompyuta inayoiendesha. Kompyuta ikiwa na shughuli, ukurasa huonekana mzito hata kama haukubadilika. Tumu alikieleza kikao hivyo, taratibu, akaomba kitu kimoja tu, kompyuta ile isiguswe wakati wa kipimo.

Kikao kilielewa kwamba kisiguswe kitu chochote.

Kesho yake, kipimo kilipoanza, Quinter alifunga kurasa zake akaweka mikono mapajani. Feni zilizimwa. Mhasibu, Nduku, aliinua kalamu juu ya karatasi akaiacha hapo. Nje, forklift ilizimwa na sanduku likiwa linaning'inia nusu ya safari, na askari akafunga lango, malori yakajipanga nje hadi barabara kuu. Alama zikarudi tisini na nane.

Tumu alimfuata Bwana Habib ofisini kumwambia kwamba ni ile video tu, kwamba feni na forklift hazina uhusiano na jambo hili.

"Jana feni ziliwaka tukapata themanini na nne," Bwana Habib alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtoto hesabu. "Leo zimezimwa, tisini na nane. Wewe ndiye msomi, Bi Tumu. Nieleze."

Alimweleza tena. Bwana Habib alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, na feni zikaendelea kuzimwa.

Utulivu ule ukawa desturi, na desturi ikazaa watoto. Bi Tumu wa Chai alikatazwa kuchemsha maji. Maxwell wa stoo aliambiwa awe anaingia baada ya kipimo, kwa sababu siku alizowahi alama zilishuka kidogo. Alilalamika kwamba anaonewa kwa kabila lake, akaambiwa hapana, ni takwimu. Mtu akipiga chafya wakati huo alitazamwa kama aliyepiga chafya juu ya pilau. Tumu aliketi katikati yao, mikono mapajani kama wengine, akiisubiri skripti aliyoiandika yeye mwenyewe. Wakati mwingine aliwaza kwamba dini nyingi huenda zilianza hivi, kwa mtu mmoja aliyejaribu kueleza jambo dogo.

Ukaguzi wa kampuni ya meli ulikuwa umekaribia Kenga alipokuja kwenye dirisha la mapokezi.

Kenga alikuwa dereva wa malori kwa miaka mingi, hadi sukari ilipomla macho. Sasa alikuwa na magari yake mawili, akiyaongoza kwa simu kutoka kibarazani kwake. Simu hiyo ilimsomea kwa sauti kila alichokigusa. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama nje ya lango muda wote wa utulivu, na alipofunguliwa hakuwa na furaha.

"Dada, hamjambo humu ndani?" alisema. "Nasikia mnasifiwa. Nami nataka kuwasifu, lakini ukurasa wenu haunipi nafasi. Nikiufungua nakaa, nakaa, hadi chai inapoa. Ukishafunguka, simu yaniambia kitufe. Nasogeza kidole, kitufe. Nasogeza tena, kitufe. Cha nini? Haisemi. Jana nimebonyeza kimoja kwa kubahatisha, kikanitoa nje."

Quinter alimwonyesha televisheni, kisha akakumbuka, akamsomea. Tisini na nane, na mia.

"Mia ya nini?" Kenga akauliza.

Tumu aliichukua simu ya mzee akasikiliza mwenyewe. Kitufe, kitufe, kitufe. Kisha akarudi kwenye meza yake, na kwa mara ya kwanza akaiagiza skripti ihifadhi faili zima la matokeo badala ya kutoa alama mbili na kutupa yaliyobaki.

Halikuwa jambo la kutafuta sana. Karibu na mwanzo wa faili Lighthouse ilikuwa imeandika onyo. Ilisema kwamba anwani iliyoombwa imeipeleka kwenye anwani nyingine, na kwamba huenda ukurasa uliopimwa si ule uliokusudiwa. Anwani ya mwisho ilikuwa ya ukurasa wa kuingilia, ule wa kuandika jina na neno la siri.

Tumu aliegemea kiti. Kivinjari chake mwenyewe kilikuwa kimeshaingia ndani tangu siku aliyoajiriwa, kwa hivyo kila alipoifungua anwani ile aliyaona makontena. Skripti haikuwa hivyo. Kila asubuhi ilifungua kivinjari kipya, kisichojulikana na mtu, ikabisha hodi kwenye ukurasa wa makontena. Seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, haikuitambua, ikairudisha mlangoni. Pale mlangoni palikuwa na nafasi mbili za kuandika, kitufe kimoja kilichoandikwa Ingia, na nembo ndogo. Mlango haukuwa na kosa. Lighthouse ilikuwa imeupima kwa uaminifu, asubuhi baada ya asubuhi, na kila mara ikasema kwamba ina wasiwasi, na skripti ya Tumu ikautupa wasiwasi huo.

Akaiandika upya. Sasa iliandika kwanza jina na neno la siri, ikaingia, ndipo ikaiachia Lighthouse ipime ndani ya kivinjari kilekile, ikiwa imeagizwa isifute kumbukumbu ya kuingia. Kasi thelathini na moja. Urahisi wa kutumika hamsini na nane. Picha ya Bwana Habib peke yake ilichukua sehemu kubwa ya muda. Vitufe vilikuwa michoro mitupu isiyo na majina, na maandishi yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya weupe, rangi aliyoichagua Bwana Habib kwa sababu ya heshima yake.

Alimpelekea habari hiyo siku moja kabla ya mkaguzi kufika.

"Kwa hiyo tumekuwa tukizima forklift kwa ajili ya mlango," Bwana Habib alisema.

"Ndiyo, Bwana."

"Na mlango wenyewe ni mzuri?"

"Ni mzuri sana."

"Basi tusiutukane." Akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Alimwambia Tumu kwamba mkaguzi atakuja na kipimo chake, na kama kipimo chake kitaona ubaya, kitauona. Na kama Mungu atausitiri, si vyema mja kuufunua. Ilikuwa hoja nzuri, na Tumu hakuwa na haraka ya kuishinda. Alijua ni nani atakayefungasha virago.

Jioni hiyo, huko Mtongwe, Tumu alimsimulia mamake, Bi Mwanasaumu, kisa chote wakati akimkanda miguu. Bi Mwanasaumu alisikiliza mambo ya seva na mlango bila kuuliza kitu. Mwishoni alisema, "Na yule mzee wa watu, alipata kontena lake?"

Tumu hakujua. Hakuwa amemuuliza.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye miwani aitwaye Musyoka, ametoka Nairobi kwa treni, amechoka na mwenye adabu. Aliketi mapokezi akafungua kompyuta yake. Alipotamka tu kwamba anaanza kupima, feni zikazimwa, forklift ikanyamaza, lango likafungwa, na watu wote wa yadi wakaketi mikono mapajani wakitazama chini. Musyoka aliinua macho, akatazama huku na huku, akavua miwani.

"Poleni sana," alisema kwa sauti ya chini. "Mngeniambia ningekuja siku nyingine. Ni mtu wa hapa ofisini?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa kipimo kilikuwa kinaendelea. Musyoka naye akainamisha kichwa. Kompyuta yake ikamaliza. Kasi tisini na saba, urahisi wa kutumika mia. Nduku akapiga makofi, wengine wakafuata, na Musyoka akawatazama wafiwa hawa kwa mshangao mkubwa.

Alikuwa ameshaanza kujaza ripoti Tumu aliposimama. Hakuwa amekusudia kusimama. Angekaa pale alipo, yote yangekwisha, na angerudi kwa mamake jioni na kazi yake mkononi. Lakini alikuwa ameuona tena uso wa Kenga ukiwa umeegemea simu, ukisikiliza.

"Bwana Musyoka," alisema, "faili lako lina onyo. Lisome."

"Skripti yangu haionyeshi maonyo."

"Na yangu pia haikuonyesha. Lifungue faili lenyewe."

Bwana Habib alikohoa kikohozi kirefu. Musyoka akafungua, akasoma, akasoma tena. Polepole rangi ikamtoka. Akafungua faili jingine, la yadi ya jirani, kisha la yadi ya pili, na la tatu. Yote yaliishia kwenye ukurasa wa kuingilia.

"Nimepima milango," alisema. "Mji mzima. Na nimeshatoa vyeti."

Tumu alimwonyesha alama halisi za ndani, akamweleza namna ya kuifanya skripti iingie kwanza ndipo ipime. Musyoka alitikisa kichwa. Skripti ile ilikuwa imepitishwa na kamati huko Nairobi, na kamati ilikuwa imekataza isipewe neno la siri la mteja yeyote, kwa ajili ya usalama. Kuibadilisha kulihitaji kamati nyingine, ambayo bado haijateuliwa. Wala hangeweza kuandika kwamba wamefaulu, sasa kwa kuwa amejua. Wala hangeweza kuandika kwamba wameshindwa, kwa kuwa kipimo kilichoidhinishwa kilisema wamefaulu. Alibaki amekaa mbele ya ripoti yake kama mtu aliyefungiwa nje na wenzake.

Hapo Bwana Habib akaishiwa na subira. Aliwatazama wasomi wawili waliomharibia asubuhi yake.

"Kama mashine ya huyu bwana haiwezi kuingia ndani," alisema, "basi toeni hayo makontena muyaweke hapo mlangoni."

Quinter alicheka, akajizuia. Tumu alifungua mdomo kueleza, kama alivyokuwa akieleza siku zote, kwa nini jambo hilo haliwezekani. Alitafuta sababu ya kwanza. Hakuipata. Akatafuta ya pili. Kenga hakutaka jedwali, wala picha, wala vitufe vile vyote. Alitaka kujua kontena moja liko tayari au bado. Mtu aliye na namba ya kontena pamoja na namba ya karatasi ya kulitoa, hana haja ya kubisha hodi ili aambiwe neno moja.

"Inawezekana," alisema, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi.

Musyoka alikubali kurudi kabla hajafunga ripoti zake. Tumu akauandika ukurasa upya. Nafasi mbili za kuandika, kila moja na jina lake. Kitufe kimoja chenye neno Tazama. Jibu kwa herufi kubwa nyeusi. Ndani yake akaandika pia kwamba lugha ya ukurasa ni Kiswahili, ili simu isije ikausoma kwa sauti ya mtalii. Kuingia kwa neno la siri kukabaki chini, kwa anayetaka mengine. Mazungumzo marefu kuliko yote yalikuwa juu ya picha. Bwana Habib aliona kwamba bila yeye na winchi watu hawatajua wako wapi. Mwisho akakubali ikae ndani, ambako, Tumu alimwambia, huonwa na watu wenye nafasi ya kutazama. Hilo lilimpendeza.

Musyoka aliporudi, yadi ikatulia. Safari hii naye alijua, akaweka mikono mapajani. Skripti yake haikubadilishwa hata herufi moja. Ilibisha hodi kwenye anwani ileile, na seva haikuirudisha popote, kwa sababu mlango na kilichotafutwa vilikuwa sasa mahali pamoja. Kasi tisini na sita, urahisi wa kutumika mia, na onyo hakuna. Kamati ilikuwa imeshindwa kuielekeza mashine ilipo yadi, kwa hivyo yadi ilihamishwa hadi mashine ilipokuwa ikitazama.

Tumu aliwaambia wasipige makofi bado. Alisema mia ya Lighthouse ina maana kwamba mashine haikuona kosa katika yale ambayo mashine inaweza kuyakagua. Haijui kama mtu anaweza kutumia. Akamwita Kenga, ambaye yeye Tumu alikuwa amemwomba asubiri kwenye benchi. Kenga akakaa mapokezi, akaweka simu sikioni, akataja namba zake mbili polepole huku kidole kikisogea. Watu wote walisikia sauti ya simu ikisoma jina la nafasi ya kwanza, la pili, kisha Tazama, kitufe. Kisha ikasema kontena liko tayari.

Kenga alisikiliza mara mbili.

"Mbona yasema upesi hivi?" aliuliza. "Hata sijajipanga." Kisha akampigia dereva wake.

Musyoka akatia sahihi. Kuhusu yadi nyingine hakusema atafanya nini, wala hakuulizwa, ingawa aliomba nakala ya skripti ya Tumu na kuihifadhi kama mtu anayeficha dawa. Tovuti ilibaki Changamwe, na Tumu naye akabaki.

Bwana Habib aliagiza alama mpya zisomwe kila asubuhi, na zinasomwa. Wala Tumu hajafaulu kuwarudishia feni. Lakini ile skripti ya pili, inayoandika neno la siri na kuingia ndani, haikufutwa. Huendeshwa mchana, makelele yakiwa yamejaa yadi nzima, na matokeo yake hayaendi kwenye televisheni. Hapo ndani bado kuna jedwali lile refu, na vitufe vingi visivyo na majina. Amevipa majina vitatu wiki hii, na kuipunguzia picha uzito kidogo. Kasi imefika thelathini na nne, na hakuna anayejua ila yeye.